Kutuma muhtasari wa kikao kwa washirika wa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu makatibu wa vikao na waratibu wa miradi ambao muhtasari wao unasomwa na watu wasio chini ya ofisi yao: mkandarasi, mfadhili, halmashauri, shirika jingine. Mfano unaorudiwa humu ni wa kutungwa. Shirika moja la Tanga linajenga mradi wa maji wa kijiji wenye kisima kirefu, pampu ya sola na tangi la lita 10,000. Mkandarasi ametoka Mombasa, ofisi ya mfadhili ipo Kigali, na halmashauri ya wilaya inawakilishwa na mhandisi wa maji. Kikao chao cha tatu kimefanyika Jumatano tarehe 4 Machi 2026.

Muhtasari wetu una mahudhurio, yatokanayo, ajenda, mengineyo, na unasainiwa na mwenyekiti na katibu. Kwa nini bado washirika wanabishana?

Kwa sababu ya muda. Kwa utaratibu wetu wa kawaida, muhtasari huthibitishwa kwenye kikao kinachofuata, na hapo ndipo husainiwa. Kama vikao ni vya kila mwezi, kazi iliyopangiwa wiki mbili inafika tarehe yake ya mwisho wakati karatasi inayoiamuru bado haijathibitishwa na mtu yeyote. Mkandarasi asipoleta pampu, ana haki ya kusema kwamba muhtasari huo hajawahi kuukubali, na kwa utaratibu atakuwa anasema kweli. Ndani ya ofisi moja tatizo hili halionekani, maana bosi yupo na anaweza kuamua. Kwa mshirika wa nje hakuna bosi wa pamoja. Kilichopo ni maandishi peke yake.

Dawa ni kutenganisha vitu viwili. Jedwali la maazimio, ambalo mara nyingi halizidi ukurasa mmoja, lithibitishwe kwa barua pepe ndani ya siku chache. Muhtasari kamili wenye maelezo ya mjadala uendelee na njia yake ya zamani hadi kikao kijacho. Mengi ya hapa chini yanahusu hilo jedwali.

Jedwali la maazimio liwe na nini?

Namba ya azimio, azimio lenyewe kwa sentensi moja, mtu mmoja anayewajibika, tarehe ya mwisho, na kitakachothibitisha kwamba kazi imekwisha. Safu hii ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayomaliza ubishi mwingi.

Tazama sentensi hii, ya aina inayopatikana kwenye mihtasari mingi: "Ilikubaliwa kuwa mkandarasi alete pampu kabla ya mwisho wa mwezi." Katibu ameandika kilichosemwa, neno kwa neno. Lakini alete wapi? Mkandarasi anaweza kuwa na maana ya bandarini, shirika likawa na maana ya kijijini, na kati ya sehemu hizo mbili kuna forodha, lori na barabara ya vumbi. Pampu peke yake, au pamoja na paneli na kidhibiti chake? Nani kwa upande wa mkandarasi, meneja aliyehudhuria au fundi ambaye hajui kikao kilikuwepo? Na nani atasema imefika?

Azimio hilohilo likiandikwa kwa kutumika linasomeka hivi:

> 3/2026-04. Pampu ya sola, paneli zake na kidhibiti vifikishwe kwenye stoo ya mradi kijijini, vikiwa vimeshalipiwa forodha.
> Mhusika: Meneja wa mradi, upande wa mkandarasi.
> Mwisho: Ijumaa 27 Machi 2026, saa 11:00 jioni (17:00), saa za Tanga.
> Uthibitisho: Hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo, yenye namba za utambulisho za pampu na kidhibiti.

Kwenye jedwali lenu halisi andika jina la mtu pamoja na cheo chake. Namba ya azimio ianze na namba ya kikao, ili miezi sita baadaye mtu akitaja "azimio namba 4" pasiwe na swali la kikao kipi.

Je, kazi moja inaweza kuwa na wahusika wawili?

Hapana. Ukiandika "Shirika na halmashauri", kila mmoja atamsubiri mwenzake, na wote wawili watakuwa na sababu nzuri. Kazi ikihitaji pande mbili, igawe. Katika mfano wetu, kijiji lazima kiridhie kwa maandishi ardhi ya kujenga mnara wa tangi kabla mkandarasi hajachimba msingi. Haya ni maazimio mawili. La kwanza: mhandisi wa maji akabidhi nakala ya muhtasari wa kijiji wenye muhuri kwa mratibu wa shirika ifikapo Alhamisi 12 Machi 2026. La pili: mkandarasi aanze kuchimba msingi ndani ya siku 5 za kazi tangu apokee nakala hiyo kwa barua pepe kutoka kwa mratibu.

Angalia kwamba la pili halina tarehe ya kalenda, kwa sababu linategemea la kwanza. Hiyo inaruhusiwa, mradi tukio linaloanzisha hesabu liwe na mhusika wake na liache alama ya maandishi. "Baada ya kibali kupatikana" halianzishi hesabu yoyote, kwani hakuna anayejua kibali kilipatikana siku gani. "Tangu apokee nakala kwa barua pepe kutoka kwa mratibu" linaanzisha, kwani barua pepe ina tarehe.

Tunawezaje kuandika jina la mkubwa kama mhusika bila kumvunjia heshima?

Hili ni gumu kweli, na ndilo linalofanya mihtasari mingi iandike "Ofisi ya Mkurugenzi itashughulikia", yaani hakuna mtu. Njia inayokubalika ni kuandika taasisi kwanza, kisha mtu aliyekuwa kikaoni: "Halmashauri, kupitia Mhandisi wa Maji". Mkurugenzi hajapangiwa kazi na kikao cha watu wa nje, na bado kuna mtu wa kumpigia simu.

Usimpangie kazi mtu ambaye hakuhudhuria wala hakutuma mwakilishi mwenye mamlaka. Akikataa, azimio zima linaanguka. Badala yake mpe kazi aliyehudhuria: "Mhandisi wa maji awasilishe ombi la gari kwa Mkurugenzi na alete jibu la maandishi kabla ya Jumatatu 9 Machi 2026." Kazi hiyo yeye anaiweza. Kutoa gari hawezi.

Tarehe tunaziandika kila mara, ila bado zinagombaniwa. Tunakosea wapi?

Mara nyingi kwenye maneno ambayo sisi tunayaelewa na mwenzetu anayaelewa vingine. "Wiki mbili" ni siku 14 kwa mmoja na siku 10 za kazi kwa mwingine. "Mwisho wa mwezi" kwa mhasibu ni siku anayofunga vitabu. "03/04/2026" ni tarehe 3 Aprili hapa kwetu, lakini kwa mtu aliyezoea mtindo wa Marekani ni Machi 4. Andika siku ya wiki, tarehe, jina la mwezi na mwaka. Siku ya wiki inasaidia kujikagua: ukiandika "Ijumaa 26 Machi 2026" msomaji makini atakuuliza, maana tarehe 26 ni Alhamisi.

Saa zetu nazo ni mtego. "Saa 11" kwa msomaji wa Kiswahili ni jioni au alfajiri, na kwa anayesoma kwa Kiingereza au Kifaransa ni karibu na adhuhuri. Andika zote mbili, "saa 11:00 jioni (17:00)", na utaje ni saa za wapi. Kigali iko nyuma ya Tanga na Mombasa kwa saa moja, sawa na Bujumbura, Goma na Lubumbashi. Muskati iko mbele kwa saa moja. Saa 11 jioni ya Tanga ni saa 10 jioni Kigali, na saa hiyo moja imetosha kumfanya mtu aonekane amechelewa wakati yeye anaamini amewahi.

Epuka kabisa "usiku wa Ijumaa". Kwa wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Kwa wengine ni Ijumaa yenyewe baada ya kazi. Tofauti hapo ni siku nzima. Tarehe ya mwisho iwekwe saa za kazi.

Halafu kuna sikukuu. Mwaka 2026 Idi el Fitri inaangukia karibu na tarehe 20 Machi, na siku yenyewe hutegemea kuandama kwa mwezi. Mkihesabu kwa siku za kazi kupita tarehe hizo, pande mbili zinaweza kupata majibu mawili, hasa kama ziko nchi mbili zenye mapumziko tofauti. Ndiyo maana pampu imepewa tarehe ya kalenda, Ijumaa 27, badala ya "siku 17 za kazi".

Tutume lini, na tuwape muda gani wa kurekebisha?

Jedwali litoke siku ya kazi inayofuata kikao, watu wakiwa bado wanakumbuka walichosema. Siku 3 za kazi za kurekebisha zinatosha kwa jedwali la ukurasa mmoja. Kwa mfano wetu: kikao Jumatano 4 Machi, jedwali linatumwa Alhamisi tarehe 5, na Ijumaa, Jumatatu na Jumanne ni za marekebisho, mwisho Jumanne tarehe 10 saa 11:00 jioni. Toleo la mwisho linatoka Jumatano tarehe 11. Siku moja baadaye azimio la nakala ya muhtasari wa kijiji linafikia ukomo wake, likiwa tayari limethibitishwa. Hesabu hii ifanyeni mkiwa bado kikaoni: kazi yoyote inayoisha kabla ya siku ya toleo la mwisho iombewe kauli ya wazi ya mhusika palepale, na iandikwe kwamba aliitoa.

Tukiandika "asiyejibu amekubali", inatosha?

Ukiiandika wewe mwenyewe chini ya barua pepe, haina nguvu unayoidhania. Kwa kawaida sheria ya mikataba haihesabu kunyamaza kuwa ni kukubali, na mtu hawezi kumfunga mwenzake kwa kanuni aliyojitungia. Ila pande zote zikikubaliana mapema kwamba utaratibu wao utakuwa huo, hali inabadilika. Kwa hiyo azimio la kwanza la kikao cha kwanza liwe hili, na lijibiwe kwa maandishi na kila upande:

> Rasimu ya jedwali la maazimio itatumwa siku ya kazi inayofuata kikao. Marekebisho yatumwe kwa barua pepe ndani ya siku 3 za kazi baada ya siku ya kutumwa, kabla ya saa 11:00 jioni (17:00), saa za Tanga. Azimio ambalo halikupingwa ndani ya muda huo litahesabiwa kuwa limekubaliwa na pande zote.

Hata mkiwa na kanuni hii, kwa maazimio yanayogusa fedha au muda wa mkataba usitegemee ukimya. Mpigie simu mhusika, mwombe ajibu "Nakubali azimio 3/2026-04", na usubiri jibu hilo.

Barua pepe yenyewe iandikweje?

Jedwali liwe ndani ya barua pepe yenyewe, pamoja na kiambatisho cha PDF. Wakandarasi wengi husoma wakiwa kazini kwa simu, na kiambatisho kisichofunguliwa hakijasomwa. Kichwa cha barua kionyeshe kinachotakiwa na lini: "Kikao Na. 3, 4 Machi 2026: jedwali la maazimio, marekebisho kabla ya Jumanne 10 Machi saa 11:00 jioni". Aya ya kwanza iwe fupi na yenye adabu:

> Ndugu washirika, salaam. Hapa chini ni maazimio sita ya kikao chetu cha jana. Tunaomba kila mhusika asome mstari wenye jina lake. Palipo na kosa, tafadhali taja namba ya azimio na utuandikie sentensi unayopendekeza.

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Ukiomba "maoni", utapata maoni marefu kuhusu mradi mzima. Ukiomba sentensi mbadala, utapata kitu unachoweza kukikubali au kukikataa.

Wenye kazi wawe kwenye mstari wa wapokeaji, na wengine, pamoja na waliotoa udhuru, wapewe nakala. Faili lipewe jina lenye hali yake, mfano `Maazimio-03-2026-RASIMU.pdf`, kisha `Maazimio-03-2026-MWISHO.pdf`. Usitume faili la Word linaloweza kubadilishwa. Na kabla ya kugeuza kuwa PDF, ondoa maoni ya pembeni na alama za masahihisho. Maneno ya ndani kama "hawa wamechelewa tena" yameshafika kwa mkandarasi kwa njia hiyo, zaidi ya mara moja.

Mshirika ameandika: "Hatukukubali tarehe 27, tulisema baada ya forodha." Tufanyeje?

Kwanza usilibadilishe azimio, na usimjibu mbele ya wote siku hiyohiyo. Kapitie daftari lako la kikao, umuulize na mwenyekiti anavyokumbuka. Kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea, na kila moja lina jibu lake.

Inawezekana umekosea kuandika. Daftari linaonyesha "27, forodha ikitoka kabla ya 20", na wewe umeacha sharti. Hapo sahihisha, wajulishe wote kwa barua moja ukionyesha sentensi ya zamani na mpya, na uombe radhi kwa mstari mmoja. Usihariri kimyakimya; mtu akigundua matoleo mawili yasiyo na maelezo, hataliamini jedwali lolote litakalofuata.

Inawezekana alikubali, kisha ofisi yake ikamwambia haiwezekani. Hili hutokea sana, na mara nyingi si hila. Meneja aliahidi kabla hajazungumza na wakala wa forodha. Lakini hilo si kosa la uandishi, ni ombi la kubadilisha uamuzi. Muhtasari unaeleza kilichoamuliwa tarehe 4, na tarehe 4 iliamuliwa 27. Mjibu hivi: "Ahsante, Ndugu Meneja. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha tarehe 27 ilikubaliwa, kwa hiyo azimio linabaki. Tumepokea ombi lako la kuibadilisha na tumelipeleka kwa mwenyekiti. Tutakujibu ifikapo Ijumaa 13 Machi." Pingamizi lake liandikwe kwenye toleo la mwisho, chini ya azimio, kwa maneno yake mwenyewe.

La tatu ndilo gumu zaidi: kikao chenyewe hakikuamua. Mmoja alisema tarehe 27, mwingine akasema "inategemea forodha", mwenyekiti akasema "sawa", wakaendelea. Kila mtu aliondoka na "sawa" yake. Katibu hana mamlaka ya kuchagua ipi ilikuwa ya kweli. Aondoe tarehe, aandike "halijaamuliwa", kisha awapigie simu wale wawili tu pamoja na mwenyekiti. Watakachokubaliana kiandikwe kama azimio jipya lenye tarehe ya mazungumzo hayo na kitumwe kwa wote. Dalili ya hali hii ni rahisi kuiona: watu wawili wanapinga azimio moja kwa sababu mbili zinazopingana.

Njia ya kupunguza yote matatu ni dakika kumi za mwisho za kikao. Katibu asome maazimio kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila mhusika aitikie kwa jina. Neno kama "tutaliangalia", "tutajitahidi" au "Inshallah" liulizwe hapohapo kwa upole: je, tuandike kuwa ni azimio lenye tarehe, au tuandike kuwa bado?

Je, muhtasari unaweza kubadilisha mkataba?

Usiuchukulie hivyo. Mikataba mingi hueleza njia yake ya kubadilishwa, kwa kawaida nyongeza ya maandishi iliyosainiwa na wenye mamlaka, na mhandisi aliyehudhuria kikao huenda si mmoja wao. Mikataba ya ujenzi inayofuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 2017, inataka notisi ya mkataba iandikwe na itambulishwe wazi kuwa ni notisi. Mkandarasi aliyesema kikaoni kwamba mvua imemchelewesha, likaandikwa kwenye muhtasari, asidhani ameshadai muda wa nyongeza.

Azimio linalogusa bei, muda au ukubwa wa kazi liandikwe kama pendekezo, na mhusika apewe kazi ya kuandaa nyongeza ya mkataba kabla ya tarehe fulani.

WhatsApp inatosha?

Kuwaarifu watu kwamba barua pepe imetumwa, ndiyo. Kupokea pingamizi, hapana. Ujumbe unaweza kufutwa na aliyeutuma, na kundi likiwekewa ujumbe wa kutoweka, maandishi huondoka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Mtu akipinga huko, mjibu kwa heshima na umwombe aandike hilohilo kwa barua pepe akitaja namba ya azimio.

Kama washirika hawasomi lugha moja?

Chagueni toleo moja liwe ndilo la kurejelewa, na liandikwe hivyo juu ya ukurasa. Tafsiri iwe na namba zilezile za maazimio. Kagua hasa vitenzi: Kiswahili "akabidhi" ni amri, na mfasiri mvivu anaweza kuigeuza kuwa "anaweza kukabidhi".

Tarehe ikisogezwa baadaye, tubadilishe jedwali?

Ongeza, usifute. Acha "Ijumaa 27 Machi 2026" ionekane, kisha andika pembeni: "imesogezwa hadi Ijumaa 10 Aprili 2026, imeidhinishwa na mwenyekiti kwa barua pepe ya tarehe 13 Machi, sababu: mzigo haujatoka forodha." Jedwali hilohilo ndilo lifungue kikao kijacho, mahali pa yatokanayo, likiwa na safu moja zaidi ya hali ya kila azimio: limekamilika, linaendelea au limechelewa. Azimio lisihamie "limekamilika" mpaka uthibitisho ulioandikwa kwenye mstari wake uwe mkononi mwa katibu. Pampu inaweza kuwa imeshafika kijijini na watu wameiona. Kama hati ya kupokea mzigo haijasainiwa, andika "linaendelea", na umtaje nani anadaiwa saini.